Logo ni ya nani baada ya kukabidhiwa? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu hakimiliki ya kazi za kujitegemea

Maswali haya hurudiwa na wachoraji wa logo, wapiga picha na watengenezaji wa tovuti wanaofanya kazi za kujitegemea hapa Lubumbashi, na mara nyingine huulizwa na wateja wao. Majibu yanahusu jambo moja: nani ana hakimiliki ya kazi iliyoagizwa, na ni wakati gani inafaa kuhamia kwa mteja. Mfano mmoja, wa logo na mfuko wa unga wa mahindi, unafuatwa kuanzia swali la 5, kwa hiyo anayesoma kwa mara ya kwanza aanze hapo juu.

## Misingi

1. Mteja ndiye aliyeniagiza na ndiye anayelipa. Je, kazi si yake tangu mwanzo?

Hapana. Nchini Kongo hakimiliki inaongozwa na Ordonansi-sheria nambari 86-033 ya tarehe 5 Aprili 1986, na msingi wake ni kwamba haki huzaliwa mikononi mwa aliyeitunga kazi, kwa sababu tu ameitunga. Kuagiza si kutunga. Mteja aliyesema «nataka mahindi mawili na jua nyuma yake» ametoa wazo, na wazo tupu halilindwi. Kinacholindwa ni mchoro wenyewe, yaani jinsi mahindi hayo na jua hilo vilivyochorwa.

Kinachowachanganya watu ni kwamba katika kazi moja mna vitu viwili: nakala na haki. Mteja anaweza kuwa na faili kwenye simu yake, au hata mfuko uliokwisha kuchapwa, bila kuwa na haki ya kuuchapa tena. Kupokea faili ni kupokea nakala. Haki huhama kwa makubaliano, wala si kwa kubofya «tuma».

2. Na kama nimeajiriwa, ninapokea mshahara kila mwezi?

Hapo mambo hubadilika, kwa sababu sheria za nchi nyingi na mikataba mingi ya ajira humpa mwajiri haki za kutumia kazi iliyofanywa kazini. Maswali haya hayamhusu mwajiriwa. Yanamhusu anayetoa proforma, anayelipwa kwa kazi moja moja na kutumia kompyuta yake mwenyewe. Kuitwa «mtu wetu wa grafiki» na mteja wa miaka mitano hakukugeuzi kuwa mwajiriwa wake.

3. Ni haki gani zinazohama, na zipi hubaki kwangu daima?

Zinazohama ni haki za kiuchumi: kunakili, kuchapa, kusambaza, kuonyesha hadharani, kubadilisha kazi kuwa nyingine. Hizi zinaweza kuuzwa zote au kwa vipande, kwa mfano kuchapa kwenye mifuko lakini si kwenye mabango, au kutumia nchini Kongo peke yake, au kwa miaka mitatu tu. Ulinzi wake nchini hudumu maisha yote ya mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake.

Haki za kimaadili ni tofauti. Mkataba wa Berne, ambao Kongo ni mwanachama wake, unasema katika kifungu cha 6 bis kwamba hata baada ya kuuza haki za kiuchumi, mtunzi huendelea kuwa na haki ya kutambuliwa kuwa mtunzi, na haki ya kupinga kazi yake isiharibiwe kwa namna inayomvunjia heshima. Kwa logo ya biashara hili halimaanishi kwamba jina lako litaandikwa kwenye kila mfuko wa unga. Linamaanisha kwamba mteja hawezi kusema kuwa logo ilichorwa na mpwa wake.

4. Je, ni lazima nisajili kazi kwanza ili niwe na haki?

Si lazima. Mkataba huohuo wa Berne unakataza kufanya usajili kuwa sharti la kupata ulinzi. Kujiandikisha katika SOCODA, shirika la usimamizi wa haki za watunzi, kuna faida zake, hasa kwa wanamuziki, lakini logo yako inalindwa tangu ilipochorwa. Unachohitaji ni ushahidi wa tarehe: tunza faili za hatua kwa hatua na ujumbe uliotumiwa mteja pamoja na rasimu.

## Wakati wa haki kuhama

5. Kwa hiyo haki zihame lini hasa?

Kuna nyakati tatu zinazowezekana: siku ya kutia sahihi, siku ya kukabidhi, na siku ya malipo kukamilika. Wateja wakubwa wenye wanasheria hupendelea ya kwanza. Asiyeandika chochote hujikuta akibishania ya pili. Kwa mtu anayejitegemea, ninayoitetea mimi ni ya tatu, na sababu yake ni rahisi kuiona katika mfano ufuatao.

Mama mmoja mwenye kinu cha unga katika komini ya Katuba anataka logo na mchoro wa mfuko wa kilo 25. Bei ni dola 600. Proforma inagawa malipo mara tatu: dola 240 za avansi kabla ya kuanza, dola 180 baada ya kukubali rasimu, na dola 180 kabla ya kupewa faili za mwisho. Mchoraji anatuma rasimu tatu kama picha ndogo za JPEG zenye neno SAMPULI lililokatiza katikati. Mama anachagua ya pili na kulipa sehemu ya pili. Halafu unafika ujumbe ambao kila mchoraji wa mji huu anaujua: «Mwanangu, nitumie ile faili ya kweli, mwenye mashine ananingoja, pesa unapata kesho asubuhi.»

Mchoraji anatuma PDF ya vekta. Kesho yake anapokea dola 100 badala ya 180, na wiki mbili baadaye anaona mifuko mipya imepangwa mbele ya maduka. Zimebaki dola 80.

Kama makubaliano yalisema haki huhama siku ya kukabidhi, au hayakusema lolote na hakimu akaona kwamba kukabidhi kulikuwa ndiyo kuhamisha, mchoraji anabaki na deni la dola 80 tu, na deni dogo namna hiyo hulipwa polepole sana. Kama yalisema haki huhama pesa ya mwisho inapofika, mifuko yote iliyo sokoni imechapwa bila ruhusa. Dola 80 ni zilezile, lakini sasa mama ana haja ya kulipa leo, kwa sababu hawezi kuagiza mifuko mingine kwa amani, na mwenye mashine akionyeshwa barua naye atasita.

6. Kifungu hicho kiandikweje?

Kwa maneno machache, kwenye proforma yenyewe, juu ya sahihi ya mteja. Mfano unaotosha kwa kazi kama ya swali la 5 ni huu:

«Haki zote za kiuchumi juu ya rasimu iliyochaguliwa na mteja zinahamia kwa mteja siku mchoraji anapopokea malipo kamili ya dola 600, bila kuhitaji hati nyingine. Kabla ya siku hiyo haki zote ni za mchoraji, na mteja haruhusiwi kuchapa wala kutangaza kazi ila kwa ruhusa ya maandishi. Malipo yakikamilika, matumizi yaliyofanywa na mteja kabla yake yanahesabiwa kuwa halali.»

Mambo mawili yatazamwe kwa makini. La kwanza ni kitenzi. «Zinahamia siku ya malipo» hufanya kazi yenyewe. «Mchoraji atahamisha haki baada ya malipo» ni ahadi tu, na mteja aliyelipa yote bado atakutafuta umtilie sahihi. Kifungu kizuri kinamlinda mteja pia, naye akielewa hivyo hutia sahihi bila kusukumwa.

La pili ni sentensi ya mwisho, ambayo wengi huisahau. Bila hiyo, mama aliyelipa zile dola 80 mwezi wa pili anabaki na mifuko ya mwezi wa kwanza ambayo ilichapwa wakati hana haki, na mchoraji mwenye kinyongo anaweza kurudi kudai fidia. Anayelipa, hata kwa kuchelewa, astahili kumaliza jambo lote kwa mara moja.

7. «Malipo kamili» ni nini, hasa tunapolipana kwa simu au kwa noti?

Hapa ndipo kifungu kizuri hukwama. Mteja anatuma dola 180 kwa M-Pesa au Airtel Money, wewe unatoa na kukatwa gharama, mkononi una pungufu ya 180. Je, amelipa? Andikeni kabla: malipo yahesabiwe kwa kiasi kinachoonekana kwenye ujumbe wa kupokea, na gharama ya kutoa iwe ya nani. Mteja akilipa kwa faranga, andikeni kiwango cha siku gani kitatumika; cha siku ya kulipa ndicho kinachozuia mabishano.

Kwa noti, tatizo linajulikana: noti ya dola 100 yenye mchano mdogo pembeni au mhuri wa kalamu haipokewi popote mjini. Hesabu na ukague mbele ya mteja kabla ya kuandika risiti, kwa sababu risiti hiyo ndiyo itakayoonyesha tarehe ambayo haki zilihama. Risiti iandike «malipo ya mwisho, jumla dola 600 zimekamilika», na isiishie kwenye neno «imepokewa».

8. Mteja anahitaji kweli kutumia kazi kabla ya kumaliza kulipa. Nimkatalie?

Si lazima. Mpe leseni ya muda, yaani ruhusa yenye mipaka ilhali haki zinabaki kwako. Katika mfano wa unga, mchoraji angejibu ule ujumbe hivi: «Mama, naruhusu mifuko 500 ya kwanza ichapwe, kwa siku 30 tangu leo. Ukikamilisha dola 180, mchoro wote ni wako bila kikomo.» Ujumbe wa WhatsApp wenye tarehe, uliojibiwa «ndiyo, asante», si mkataba wa notari, lakini ni ushahidi mzuri kuliko kukumbushana kwa mdomo.

Idadi na siku ziwe halisi. «Tumia kidogo kwanza» haina maana mbele ya mtu yeyote.

## Kinachohama na kisichohama

9. Mteja akilipa yote, je, anastahili pia faili za asili?

Haki ya kutumia mchoro haibebi faili ya kazi yenye tabaka zake zote. Mteja anahitaji faili za kuchapia, ambazo kwa logo ni PDF au SVG ya vekta pamoja na PNG isiyo na rangi ya nyuma. Faili ya asili ni kifaa chako cha kazi. Lakini usifiche jambo hili hadi mwisho: kama huiuzi, iandike kwenye proforma, kama unaiuza, itaje na bei yake. Maoni yangu ni kwamba kwa logo inafaa kuitoa, kwani biashara itaishi nayo miaka mingi na huenda wewe utahama. Kwa kalenda ya mwaka mmoja hakuna haja.

10. Rasimu alizozikataa ni za nani?

Ni zako, mradi kifungu kimeandika «rasimu iliyochaguliwa», kama katika swali la 6. Ukiandika «kazi zote zilizofanywa katika mradi huu» umeuza tatu kwa bei ya moja. Hata hivyo, ondoa jina la mteja na usimpelekee jirani yake mwenye kinu rasimu hiyohiyo mwezi unaofuata. Sheria haikukatazi, lakini mji ni mdogo.

11. Nimetumia fonti na picha za watu wengine. Je, navyo vinahama?

Huwezi kuhamisha usichokuwa nacho. Fonti ina leseni yake, na mara nyingi ile ya bure ni kwa matumizi binafsi tu, si kwa biashara. Picha ya mahindi uliyoitoa mtandaoni ina mwenyewe. Mwandikie mteja orodha ya vitu hivyo na leseni zake, na kifungu kiseme haki zinazohama ni za sehemu ulizozitunga wewe. Herufi za logo zibadilishwe kuwa maumbo ya vekta kabla ya kukabidhi. Hilo humwondolea mwenye mashine haja ya kuwa na fonti, lakini halifuti sharti la kuwa na leseni yake wewe uliyeitumia.

## Mambo yanapokwama

12. Hatukuandika chochote. Nimepoteza?

La. Kwa mujibu wa swali la 1, haki zilianza kwako, na anayedai zimehama ndiye mwenye kazi ya kuonyesha. Kinachoweza kukushinda ni mwenendo: ulikabidhi faili, ukaona kazi inatumika mwaka mzima, ukanyamaza. Hapo mteja ana hoja kwamba ulimruhusu kuitumia. Ruhusa ya namna hiyo si umiliki, lakini inatosha kukuzuia kumsimamisha ghafla. Kama kazi bado ni mpya, tuma leo ujumbe wenye masharti ya swali la 6 pamoja na ankara ya kiasi kilichobaki.

13. Mteja anatumia kazi na hataki kulipa. Nifanye nini kwanza?

Tofautisha madai mawili. La deni ni dola 80 za mfano wetu. La hakimiliki ni kuchapa bila ruhusa. Anza kwa barua moja yenye yote mawili: kiasi kinachodaiwa, tarehe ya mwisho ya kulipa, nakala ya kifungu, na sentensi inayosema kwamba hadi malipo yakamilike uchapaji usimame. Piga picha za mifuko iliyo sokoni, ukionyesha tarehe na mahali, kabla ya kutuma barua hiyo.

Kwa deni lenye kiasi kinachojulikana na ambalo tarehe yake ya kulipwa imepita, Kongo, ambayo tangu 2012 ni mwanachama wa OHADA, jumuiya ya nchi za Afrika zenye sheria za pamoja za biashara, ina utaratibu wa haraka wa amri ya kulipa, unaoombwa kwa maandishi mahakamani. Lubumbashi kuna mahakama ya biashara. Dai la hakimiliki huenda polepole zaidi na linahitaji mwanasheria. Kwa dola 80 hakuna busara kufika huko. Kwa kampuni iliyochukua picha 40 za mgodi na kuzitumia kwenye ripoti yake, hesabu ni nyingine.

Kuzunguka madukani ukiwaambia wauzaji kwamba mifuko imeibwa ni kujitafutia kesi ya kuchafuliwa jina.

14. Mteja amesajili logo yangu kama alama ya biashara kabla ya kunilipa. Je, imekuwa yake?

Alama ya biashara na hakimiliki ni mambo mawili. Alama huongozwa na Sheria nambari 82-001 ya tarehe 7 Januari 1982 ya umiliki wa viwanda, na humpa mwenye kusajili haki ya kuzuia wafanyabiashara wengine wasitumie alama inayofanana kwa bidhaa zilezile. Haimfanyi kuwa mtunzi wa mchoro. Kwa upande wako, wewe huwezi kuanza kuuza unga kwa logo ile. Kila mmoja anamkwamisha mwenzake, na kwa kawaida ndilo jambo linalowarudisha mezani.

Mteja mwangalifu husubiri risiti ya mwisho kwanza, kisha ndipo anasajili.

15. Mteja yuko nje ya nchi. Sheria ya wapi inafuatwa?

Kwanza angalia mkataba unataja sheria ya nchi gani, kisha ujue kwamba majibu yanatofautiana kuliko watu wanavyodhani. Mteja wa Nairobi ni wa kuangaliwa zaidi: kifungu cha 31 cha Sheria ya Hakimiliki ya Kenya kinahesabu kwamba hakimiliki ya kazi iliyoagizwa imehamia kwa aliyeagiza, isipokuwa mmekubaliana vingine. Huko kunyamaza kunamfaidi mteja, kwa hiyo kifungu cha malipo ni cha lazima.

Ufaransa mambo yako kinyume: kila haki inayohamishwa itajwe peke yake, na matumizi yake yawekewe mipaka ya ukubwa, lengo, mahali na muda. Ubelgiji, dhidi ya mtunzi mkataba huthibitishwa kwa maandishi, na maneno yake hufasiriwa kwa ufinyu. Marekani, uhamisho wa haki unahitaji maandishi yenye sahihi ya anayezitoa. Mwaka 1989 Mahakama Kuu ya huko iliamua kwamba mchongaji James Earl Reid, aliyeagizwa sanamu na shirika la kutetea wasio na makazi, hakuwa mwajiriwa wa shirika hilo, ingawa lilitoa wazo na kugharimia vifaa. Mikataba ya Kimarekani ndiyo maana hujaa maneno ya kumfanya mteja awe mwenye kazi tangu mwanzo. Unaweza kuomba yaongezwe maneno «baada ya malipo kamili», wengi hukubali.

16. Nilisaidiwa na mwenzangu kuchora. Naweza kuhamisha haki peke yangu?

Kama alichora sehemu inayoonekana, hapana: naye ni mtunzi, na mteja atapokea haki zenye tundu. Mwandikiane kwanza ninyi wawili, kwa masharti yaleyale ya swali la 6, ili haki zake zifike kwako unapomlipa yeye, kisha zipite kwa mteja. Kama alisafisha tu mistari kwa maelekezo yako, hali ni nyepesi zaidi, ila karatasi ya mistari miwili haigharimu kitu.

17. Mteja ameacha mradi katikati. Avansi aliyolipa imemnunulia nini?

Imenunua muda wako, si mchoro. Hilo lakini halijulikani lenyewe, liandikwe. Kanuni ninayoiona kuwa ya haki ni kwamba mradi ukisimama kwa siku 60 bila jibu, avansi hairudishwi, rasimu zote zinabaki kwa mchoraji, na mteja akirudi baadaye anaanza na proforma mpya ambamo avansi ya zamani inaweza kukatwa kwa kadiri ya kazi inayotumika tena.

18. Mchoraji akifariki kabla ya malipo ya mwisho, mteja afanyeje?

Haki za kiuchumi huenda kwa warithi, pamoja na deni. Ikiwa kifungu kiliandikwa kwa kitenzi cha swali la 6, mteja anawalipa warithi kiasi kilichobaki, anapewa risiti, na haki zinamfikia siku hiyohiyo. Ikiwa kiliandikwa «atahamisha», atahitaji sahihi za warithi wote, na familia ambayo bado iko kwenye matanga au inabishana juu ya nyumba haitakuwa na haraka na logo ya mfuko wa unga. Mteja anayeona uwezekano huo, mathalani kwa kazi kubwa ya miezi mingi, aombe kifungu kibadilishwe mapema wakati mchoraji yupo.